Dakika Ishirini za Mtu Usiyemjua

Hotuba kwa wabanguaji wadogo wa korosho na vijana wa biashara, Mtwara mjini

Ndugu Mwenyekiti, viongozi wa vikundi, mama zangu, kaka na dada zangu: Assalamu alaykum, Tumsifu Yesu Kristo, na wote habari za asubuhi.

Nimepewa nafasi nizungumze juu ya soko, na najua wengi mnangoja nitaje bei. Bei mtaisikia kwa wenzangu baadaye. Mimi nimekuja na jambo dogo kuliko hilo, ujumbe mmoja tu: ule unaomwandikia mtu mliyetambulishwa kwa barua pepe au kwa WhatsApp, ukimwomba muonane kwa mara ya kwanza, iwe kwa kikombe cha kahawa au kwa video.

Kazi yangu ni kuwaunganisha wabanguaji wa huku Kusini na wanunuzi wa korosho karanga walioko Dar es Salaam, Arusha, Zanzibar, na wachache nje ya nchi. Naandika utambulisho, kisha nakaa pembeni natazama. Ninachokiona kinaniuma. Mzigo upo, mnunuzi anauhitaji, wote wawili wamekubali kufahamiana, halafu jambo linafia kwenye ujumbe wa kwanza.

Ujumbe wenyewe mnaujua: "Habari, nimefurahi kukufahamu. Naomba tuonane ukipata nafasi tuzungumze mambo ya biashara." Una adabu, una salamu, hauna tusi. Lakini kaa kwenye kiti cha aliyeupokea. Ni mambo gani ya biashara? Unataka kumuuzia, kumuomba mtaji, au kumuuliza tu? Utamchukua robo saa au mchana mzima? Siku gani, wapi, nani atapiga? Hayo yote umemwachia yeye ayapange, na yeye wewe hakujui. Mtu mwenye shughuli hatakukatalia. Atasema moyoni, "huyu nitamjibu kesho nikitulia," na kesho yake ataingia kwenye mambo mengine, ujumbe wako unashuka chini na hauonekani tena. Wewe huku Mtwara unasema jamaa ana dharau, kumbe hakuwa na cha kujibu.

Kwa hiyo ninachowaomba leo ni mfanye kazi ya kupanga nyinyi wenyewe, ili mwenzako abaki na kazi moja tu: kusema ndiyo, au kusema siyo siku hiyo.

Nitawapitisha kwenye mfano mmoja hadi mwisho. Kuna dada wa Newala anayeongoza kikundi cha akina mama wanaobangua kwa mkono. Nilimtambulisha kwa barua pepe kwa meneja manunuzi wa kampuni ya Dar inayofungasha njugu na korosho za madukani. Majina nimeyaacha, na tarehe na idadi nimezibadilisha kidogo, lakini mwenendo wa mambo ni huo huo.

Jambo la kwanza dada huyu alilolifanya, kabla hajaandika hata neno, alisoma utambulisho wangu vizuri. Niliandika: "Nimezungumza na kila mmoja wenu, na wote mko tayari kufahamiana." Sentensi hiyo ina uzito. Inamaanisha meneja aliulizwa kwanza, akakubali. Kwa utambulisho wa namna hiyo unaweza kuomba kikao moja kwa moja, hakuna haja ya kuzunguka. Lakini upo utambulisho mwingine, na ndio mwingi zaidi: "Nimeona ni vizuri mfahamiane, nawaacha muendelee." Hapo huna uhakika kama mwenzako aliulizwa. Huenda naye ameona barua ile kwa mara ya kwanza kama wewe. Ukimrukia na ombi la kikao unamweka pagumu, kwa sababu akikataa anaona anamwangusha aliyewatambulisha. Kwa utambulisho wa aina hiyo anza na swali moja ambalo anaweza kulijibu kwa mistari miwili, halafu kikao kitakuja kwenye ujumbe wa pili au wa tatu. Na kama huna hakika, muulize pembeni aliyewatambulisha: "Ulishaongea naye?" Si aibu kuuliza hivyo. Mimi huulizwa mara kwa mara, na wanaouliza nawaheshimu.

Ipo na aina ya tatu, ambayo huku kwetu imezidi: mtu anakutumia namba tu. "Huyu ndiye meneja, mcheki." Mwenye namba hana habari. Basi tambua kwamba utambulisho haujafanyika, utaufanya wewe mwenyewe kwa mstari wako wa kwanza. Usipige simu. Usitume "Mambo" au "Habari" ukangoja ajibu ndipo uendelee. Akiona "Habari" kutoka namba ngeni anafikiria tapeli au mtu wa mkopo. Usianze na sauti ya kurekodi, maana yuko kikaoni, au kwenye daladala, na hawezi kuisikiliza. Kwenye kioo cha simu ujumbe ukiingia yanaonekana maneno machache ya mwanzo tu. Maneno hayo yawe salamu fupi na jina la mtu aliyekupa namba: "Habari za kazi. Namba yako nimepewa na fulani wa mahali fulani." Hapo atafungua. Salamu ndefu za familia na afya ziache kwanza, mtasalimiana vizuri mkionana.

Turudi kwa dada wa Newala. Utambulisho niliutuma Jumatano asubuhi. Yeye ndiye aliyeniomba nimtambulishe, kwa hiyo yeye ndiye aliyetakiwa kuandika kwanza. Hilo kumbukeni: mwenye shida ndiye anayetangulia, na asipitishe siku nzima bila kuandika, wakati jina lako bado liko kichwani mwa mwenzako. Alibonyeza "Reply all", lakini mimi akanitoa kwenye sehemu ya wapokeaji akanihamishia kwenye "Bcc". Faida yake ni kwamba niliuona ujumbe wake mmoja, nikajua amejibu, lakini majibizano yao ya baadaye hayakuja kwangu. Mtambulishaji hahitaji kusoma mkitafuta siku ya kuonana.

Alichoandika ni hiki:

"Mada: Korosho karanga kutoka Newala, naomba dakika 20

Ndugu Meneja, habari za kazi. Ninamshukuru aliyetutambulisha (nimemhamishia kwenye Bcc tusimjazie barua), na ninakushukuru wewe kwa kukubali.

Sisi ni kikundi cha akina mama 14 hapa Newala. Tunabangua kwa mkono, tunakausha na kuchambua wenyewe. Kwa sasa tunaweza kutoa kilo 150 za korosho nzima kwa mwezi, nyingi zikiwa W320.

Kabla msimu haujafunguliwa ningependa kujua mambo mawili kutoka kwako: mnavumilia vipande kiasi gani ndani ya mzigo wa korosho nzima, na mnataka tufungashe vipi. Naomba dakika 20 kwa video au kwa simu ya kawaida, utakavyopenda. Nina nafasi Jumanne tarehe 9 saa nne asubuhi (10:00), Jumatano tarehe 10 saa tisa alasiri (15:00), au Alhamisi tarehe 11 saa nne asubuhi (10:00). Zikikuwia vigumu, nitajie saa yako nami nitajipanga.

Na kama ni rahisi zaidi kwako kunijibu hayo mawili kwa maandishi, itanitosha kabisa."

Chini akaweka jina, kikundi na namba ya simu. Basi.

Nataka tuutazame ujumbe huu kwa utulivu, maana mengi yamo ndani yake.

Kwanza, kiasi cha mzigo na daraja. Wanunuzi wa korosho karanga wanasoma herufi na namba. W320 ni korosho nzima nyeupe ambazo ratili moja ina punje zisizozidi 320. W240 ni kubwa zaidi, punje zisizozidi 240. Meneja akisoma "kilo 150 kwa mwezi, nyingi W320" anajua papo hapo kama ana nafasi ya mzigo kama huo. Laiti angeandika "tuna korosho bora kabisa za Kusini," meneja asingejua chochote, kwa sababu kila anayemwandikia anasema korosho zake ni bora. Wala hakuongeza kilo ili aonekane mkubwa. Kuna watu wanaogopa kutaja kiasi kidogo, wanaandika tani, halafu kwenye kikao wanaulizwa oda ya kwanza watatoa lini, wanabaki wanatazama chini. Kilo 150 za kweli zinafungua mlango ambao tani 5 za maneno zinaufunga.

Pili, maswali. Ameuliza mawili, na yote ni ya kitu ambacho meneja anakijua kuliko mtu mwingine yeyote. Hakuuliza "mnanunua bei gani". Swali la bei kwenye ujumbe wa kwanza linamlazimisha mwenzako ajifunge au akwepe, na wengi watakwepa. Vipande na ufungashaji ni mambo anayoweza kuyaeleza bila kujifunga, na humo ndani ndimo bei inamotokea, kwa sababu mzigo wenye vipande vingi unashushwa daraja. Dada alijua hilo. Ameuliza bei kwa mlango wa uani, na kwa heshima.

Tatu, dakika 20. Hakuandika "dakika chache", maana hakuna anayejua chache ni ngapi. Ishirini zinaingia katikati ya vikao viwili. Ukiomba saa nzima kwa mtu usiyemjua, anahitaji sababu nzito ya kukupa. Ukiomba ishirini, anatoa. Na zikifika ishirini sema wewe mwenyewe: "Dakika zangu zimeisha, niendelee au nikuache?" Mara nyingi atasema endelea.

Nne, saa. Hapa naomba mnisikilize vizuri, kwa sababu ndipo vikao vingi vinapovunjika hata baada ya watu kukubaliana. Sisi tunahesabu saa kuanzia mapambazuko, simu na kompyuta zinahesabu kuanzia usiku wa manane. Ukiandika "saa 10:00" kwa tarakimu peke yake, msomaji mmoja ataona saa kumi jioni, mwingine ataona saa nne asubuhi, na kila mmoja ana hakika. Nimeshuhudia mtu anakaa kwenye linki peke yake saa nne asubuhi, mwenzake akaingia jioni, na kila upande ukaamini umepuuzwa. Andika kama alivyoandika dada: saa kwa maneno ya Kiswahili, asubuhi au alasiri, kisha tarakimu za kompyuta kwenye mabano. Andika na jina la siku pamoja na tarehe, ili ukikosea kimoja kingine kikusahihishe.

Kama mwenzako yuko nje ya nchi, weka na saa ya kwake. Saa nne asubuhi ya Mtwara ni saa sita na nusu mchana India, na ni saa nane mchana Vietnam, ambako korosho ghafi yetu nyingi hubanguliwa. Hizo hazibadiliki mwaka mzima. Ulaya zinabadilika: Uholanzi iko nyuma yetu kwa saa moja wakati wa kiangazi chao, na kwa saa mbili kuanzia Jumapili ya mwisho ya Oktoba. Oktoba ndiyo minada yetu inapoanza. Mtu aliyepanga kikao mwanzoni mwa mwezi kwa ajili ya mwisho wa mwezi anajikuta amewahi kwa saa nzima, au mwenzake amechelewa.

Na siku mbili tatu zinatosha. Ukitoa siku moja tu unambana, na ukisema "siku yoyote, saa yoyote" umemrudishia kazi ile ile ya kupanga, tena unaonekana huna shughuli. Siku hizo ziwe za wiki ijayo, zisiwe kesho. Na ukishazitaja, zilinde hadi ajibu. Usimpe mtu mwingine saa uliyoiahidi.

Tano, ule mstari wa mwisho wa kumruhusu ajibu kwa maandishi. Kuna waliomwambia dada aufute, kwamba anajishusha na atakosa kikao. Mimi naupenda kuliko yote. Unamwambia mwenzako kwamba unachotaka ni jibu, na kikao ni njia mojawapo tu ya kulipata. Mtu akipewa mlango wa kutokea haoni sababu ya kukimbia. Na hata akijibu kwa maandishi, umeshapata ulichokitaka, na safari ya pili hutakuwa mgeni kwake.

Meneja alijibu siku iliyofuata: "Jumatano saa tisa inanifaa. Mwezi ujao nitakuja Mtwara kwenye minada, tunaweza pia kuonana ana kwa ana."

Sasa hapo dada alikuwa na njia mbili, video au kungoja waonane. Wengi wangesema tungoje, uso kwa uso ni bora. Yeye alichukua video, na kuonana akaacha kuwe cha pili. Nakubaliana naye. Mnunuzi aliyekuja mnadani anatembea na watu, simu hazikauki, na ratiba inabadilika kila saa. Kama hamjawahi kuongea, wewe utakuwa wa kwanza kuahirishwa. Mkishaongea dakika 20 kwa video, anakuja akiwa anakufahamu sura na anajua mnazungumza nini. Kahawa ya kwanza bila maongezi yoyote ya awali naipendekeza pale tu mnapoishi mji mmoja, na hakuna anayesafiri kwa ajili yake. Usimwite mtu kutoka Lindi aje Mtwara kwa ajili ya kukufahamu tu, wala usikate tiketi ya basi kwenda Dar kwa miadi ambayo mwenzako anaweza kuivunja kwa ujumbe mmoja.

Dada alithibitisha kwa mistari mitatu: "Asante, Jumatano tarehe 10 saa tisa alasiri (15:00). Linki ni hii hapa chini. Mtandao ukisumbua nitakupigia kwa simu ya kawaida kwenye namba yako iliyo kwenye barua." Linki aliitengeneza yeye, kwa sababu aliyeomba ndiye anayeandaa. Alitumia Google Meet, ambayo watu wawili wanaongea bila kukatwa. Zoom ya bure inakata dakika ya 40. Kwa kikao cha 20 inatosha, ila ujue kikomo hicho kipo.

Kuhusu bando, msione haya kulizungumza. Video ya watu wawili kwa ubora wa kawaida wa Zoom, ukijumlisha inayotoka na inayoingia, inakula karibu MB 270 kwa nusu saa. Sauti peke yake ni sehemu ndogo tu ya hiyo. Kwa hiyo ukiandika "kwa video au kwa simu ya kawaida" unampunguzia mwenzako gharama pia. Mkiwa na mtandao dhaifu, fungueni video dakika mbili za mwanzo msalimiane mkionana, kisha mzime picha mwendelee kwa sauti.

Ule mstari wa simu ya kawaida nao msiuache. Watu wa Kusini hatuhitaji kukumbushwa Mei 2024. Mwanzoni mwa mwezi barabara ya kuja huku ilikatika kwa mafuriko kule Somanga, wiki moja baadaye nyaya za chini ya bahari zikakatika na intaneti ikadorora nchi nzima. Aliyekuwa na miadi ya ana kwa ana alikwama, na aliyekuwa na miadi ya video alikwama vile vile. Walioandika mapema njia ya pili walipigiana simu wakamaliza mambo yao.

Asubuhi ya siku yenyewe dada alituma neno fupi: "Habari za asubuhi, tuko pamoja saa tisa alasiri." Usiulize "bado upo?", maana swali kama hilo linamkumbusha kwamba anaweza kuahirisha. Mjulishe tu kwamba wewe upo.

Sasa kahawa yenyewe, pale mwezi wa kumi. Dada aliandika: "Ukiwa Mtwara, naomba nikukaribishe chai au kahawa nusu saa. Napendekeza Shangani, mahali pa wazi karibu na unapofikia, kabla ya saa kumi jioni. Nitakuja na mweka hazina wetu, na nitakuletea nusu kilo ya sampuli uione." Amesema nani anakaribisha, na kwetu anayekaribisha ndiye anayelipa, hakuna mjadala. Amesema atakuja na nani, ili mwenzake asishtuke kuona watu wawili. Kwa dada zangu nasema wazi: kuja na mwenzako kwenye kahawa ya kwanza ni haki yako na haihitaji maelezo. Na ninyi kaka zangu, mkimwalika dada wa kazi kwa mara ya kwanza, taja mchana, taja mahali pa wazi penye watu, na mwache abadilishe mahali akitaka. Ukitaja usiku, au hoteli unayolala, hata kama nia yako ni safi, umeshamfanya ajiulize maswali ambayo hayahusu korosho.

Sampuli ameitaja kabla kwa sababu kuna kampuni ambazo hazitaki mtumishi wao apokee kitu mkononi. Akisema "usilete, tuma ofisini," mshukuru na utume.

Angalieni na kalenda ya watu. Mwezi wa Ramadhani usimwalike mtu kahawa ya mchana katika mji kama wetu, hata kama hujui dini yake. Omba video, au simu ya asubuhi, au subirini Idi ipite. Ijumaa kuanzia saa sita hadi saa nane mchana iacheni. Siku ya mnada muachieni mnunuzi na kiongozi wa chama cha ushirika, hata akikubali hatakuwa na wewe kwa akili.

Na kama uliyetambulishwa kwake ni mtumishi wa umma, afisa wa bodi, wa halmashauri, mkaguzi wa viwango, hapo hakuna kahawa kabisa. Omba miadi ofisini kwake, saa za kazi, na utaje jambo unalokwenda kuuliza. Mwaliko wa mgahawani kutoka kwa mfanyabiashara unamweka mahali pabaya mbele ya wenzake, na afisa mwaminifu ataukwepa pamoja na wewe.

Nimebakiza suala la ukimya, ambalo najua ndilo linalowasumbua wengi. Umeandika vizuri, siku zimepita, kimya. Ngoja wiki moja ya kazi. Kisha jibu juu ya ujumbe wako ule ule, usianzishe mpya, ili asihangaike kuutafuta: "Habari za kazi. Najua ni kipindi cha shughuli. Siku nilizotaja zimepita. Napatikana pia Jumanne tarehe 23 au Alhamisi tarehe 25, saa nne asubuhi (10:00)." Usiandike "sijapata jibu lako". Analijua hilo. Akikaa kimya tena, andika mara moja ya mwisho baada ya wiki mbili hivi, umwambie hutamsumbua zaidi na namba yako anayo. Halafu acha kweli. Ukimya wa Oktoba hadi Desemba, katika biashara hii, haumaanishi kitu. Nimeona watu wakijibu Januari kana kwamba barua imefika jana. Kinachomaanisha kitu ni mtu anayejibu kila mara "tutawasiliana" bila kuchagua siku. Ukipata jibu hilo mara mbili, amekukatalia kwa upole, na mpokee hivyo hivyo kwa upole.

Usinipigie mimi mtambulishaji kunishtakia kwamba hajakujibu. Nikimsukuma, nimemdai heshima kwa niaba yako, na kesho hatakubali nimtambulishe mtu mwingine wa Newala wala wa Tandahimba. Lakini mkishaongea niambie. Dada yule aliniandikia jioni ya Jumatano ile ile mistari miwili: wameongea, ameelezwa kiwango cha vipande, anatuma sampuli. Hiyo ilinitosha, na wiki iliyofuata nilimtambulisha kwa mtu mwingine bila yeye kuniomba.

Mezani kwenu kuna karatasi. Kila mmoja amchague mtu mmoja ambaye ametambulishwa kwake na hajamwandikia, au amemwandikia akanyamaziwa. Andikeni ujumbe wenu sasa hivi: aliyewatambulisha, mzigo wako kwa kilo na daraja, swali moja au mawili, dakika ngapi, na nafasi tatu zenye saa, siku na tarehe. Nitapita meza kwa meza tusome pamoja kabla hamjaunakili kwenye simu.